Mapumziko ya dakika tano yanakuwa arobaini, na taima yenyewe hailii

Dada shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili niko Tanga, kazi yangu kutafsiri nyaraka nikiwa nyumbani, Kiingereza kwenda Kiswahili, nalipwa kwa neno. Mume akishatoka na mkubwa akienda shule nabaki peke yangu mpaka saa 6:30 mdogo anaporudishwa kutoka chekechea. Nilisikia habari za ile taima ya pomodoro, dakika 25 kazi dakika 5 kupumzika, ukifika nne unapumzika zaidi, nikadaunilodi apu nikaanza kwa mbwembwe zote. Dada imenishinda. Kwanza taima siku nyingine inalia siku nyingine kimya, ikiwa kwenye chaji inalia vizuri tu ila nikiichomoa naweza kukaa hata saa nzima, afu nikiishika simu ndo inalia kama imeshtuka. Pili zile dakika tano naingia wasapu mara moja tu, kuja kushtuka dakika arobaini zimeenda. Tatu kengele inalia pale pale nilipochanganya, naizima naendelea, baadaye kichwa kinagoma. Na yale mapumziko marefu nalala naamka mzito kuliko nilivolala, juzi niliunguza na maharage. Je hii kitu ni ya watu wasiokuwa na familia au mi ndo nakosea? – Mama Wawili, Tanga

Marahaba mdogo wangu, pole na maharage.

Tuanze na simu maana umeniandikia jibu bila kujua. Hiyo ya kulia vizuri ikiwa kwenye chaji na kunyamaza ukiichomoa ndo dalili yenyewe. Simu za Android tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015 zina tabia ya kusinzia ili kutunza betri, ukiiweka mezani imetulia, skrini imezimika na haipo kwenye chaji, baada ya muda inaziambia apu zote zilizo nyuma zitulie zisubiri. Apu ambayo inahesabu tu dakika kivyake, haijajisajili kwa mfumo wa simu kama alamu ya kweli, inagandishwa hapo hapo na hesabu yake. Ukija kuishika simu inaamka, apu nayo inaamka, inaangalia saa inakuta imeshachelewa ndo inalia kwa aibu. Ikiwa kwenye chaji simu haisinzii, ndo maana unaona imepona. Na watengenezaji wengine wanaongeza ukali wao juu ya huo, wanaua apu moja kwa moja ukizima skrini, hasa hizi simu zinazojisifia betri ya siku mbili. Mi mwenyewe niliwahi kubadilisha apu tatu nikidhani ni mbovu, kumbe mbovu ni setingi.

Dawa yake ingia `Settings` kisha `Apps`, tafuta hiyo apu yako, gusa `Battery`, chagua `Unrestricted`. Majina yanatofautiana kidogo simu na simu ila ndo njia hiyo. Halafu kama huwa unaweka `Do Not Disturb` wakati wa kazi (na uweke, nakusihi), angalia humo ndani kama `Alarms` zimeruhusiwa kupita, maana kuna watu wanafunga mlango mpaka kengele yenyewe inabaki nje. Ukishamaliza usiamini mpaka umepima. Chomoa chaji, weka taima ya dakika 25, zima skrini, iache mezani usiiguse hata kuangalia ujumbe, afu angalia saa ya ukutani. Ikilia kwa wakati mara mbili mfululizo ndo imepona. Ukipima ikiwa kwenye chaji umejidanganya.

Ila ngoja nikwambie ukweli, hata ukiirekebisha hiyo simu ikalia kama king'ora cha bandarini, tatizo lako la pili litabaki pale pale. Na hilo ndo kubwa.

Ona, taima yako imekupa kengele ya kutoka kazini, kengele ya kurudi ama haipo ama ipo ila haina nguvu. Dakika 25 zikiisha unaambiwa toka, unatoka, vizuri. Dakika tano zinaanzia wapi zinaishia wapi? Kwenye apu nyingi kuna kitufe cha kuanzisha mapumziko na kingine cha kuanzisha raundi inayofuata, yaani kurudi kazini inabidi ukumbuke mwenyewe kubonyeza, na wakati huo uko katikati ya sauti ya dada yako wa Muheza ya dakika nne na nusu kuhusu send-off. Nani atakumbuka. Na hata kama apu inalia mwisho wa mapumziko, inalia ndani ya hiyo hiyo simu uliyoishika, unaifuta kwa kidole gumba kama unavofuta tangazo na mkono mwingine hata haujui. Kwa hiyo cha kwanza kwenye setingi za apu, tafuta pale panaposema mapumziko yaanze yenyewe na raundi ianze yenyewe, kwenye apu nyingi utaona `Auto start breaks` au maneno yanayofanana na hayo. Washa zote mbili. Ukishafanya hivo saa inakwenda ukitaka usitake, ukichelewa unakuta dakika kumi za raundi zimeshaliwa na unaziona.

Cha pili ni hiki na sina namna ya kukilainisha, simu isiwe sehemu ya mapumziko mafupi. Sio kwamba wasapu ni dhambi. Ni kwamba dakika tano zinataka kitu chenye mwisho wake chenyewe, na wasapu haina mwisho, tiktoki ndo kabisa haina. Glasi ya maji ina mwisho, ukiimaliza umeimaliza. Kuanika nguo sita kuna mwisho. Kufagia kibaraza, kumwagilia yale majani ya mchaichai nyuma ya nyumba, kwenda chooni, kusimama mlangoni ukatizama barabarani nani kapita. Mi nina kakitu kangu ka kukunja nguo za jana, nakunja zile zinazoenea kwenye dakika tano, sijawahi hata siku moja kujikuta nimekunja nguo dakika arobaini nikasahau kazi. Haiwezekani, nguo hazina utamu huo.

Na macho yako nayo yanataka umbali. Unatafsiri, maana yake unakodolea maandishi madogo muda wote na mtu akikodolea skrini anapepesa kidogo kuliko kawaida, macho yanakauka, jioni unasikia kama mchanga. Madaktari wa macho wana kanuni yao nyepesi kwamba kila dakika 20 utizame kitu kilicho mbali, kama mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Sasa we una raundi ya dakika 25, imekaribia sana, kwa hiyo hiyo ya kusimama mlangoni ukatizama mbali sio uvivu, inafanya kazi. Ukitoka kwenye skrini ya laptopu ukaingia kwenye skrini ya simu macho hayajatoka popote, yamehama chumba tu.

Hapa nikukumbushe kitu kuhusu huyu aliyeanzisha mambo haya maana kinasaidia. Ni Mwitaliano, Francesco Cirillo, mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa mwanafunzi wa chuo, kitabu hakiingii, akachukua taima ya jikoni yenye umbo la nyanya akaanza kujipima nayo. Pomodoro kwa Kitaliano ni nyanya, basi. (Ndugu zetu wa Kenya msicheke, ni nyanya ya kachumbari, sio bibi.) Simu ya kuperuzi hakuna, apu hakuna, ni kile kidude cha kuzungusha kwa mkono kinachotikatika mezani. Na ndo maana mi baada ya kuhangaika na apu niliishia kununua kile kile, cha plastiki, kwenye duka la vyombo vya jikoni. Kinafanya kitu kimoja. Huwezi kukishika kuangalia saa ukajikuta unasoma habari za harusi ya mtu. Ukikipata kuna siri yake moja, usikizungushe moja kwa moja mpaka 5 ukaachia, springi inakuwa haijajaa na siku nyingine inakwama kimya kimya bila kulia. Kizungushe kwanza kipite 10 hivi, ndo ukirudishe kwenye 5. Na kama ile tiki-tiki inakukera kiweke juu ya kitenge kilichokunjwa, sauti inapungua ila kengele unaisikia.

Kama hutaki kununua na laptopu yako ina Windows 11, ndani ya ile apu ya `Clock` kuna sehemu inaitwa `Focus sessions`, inakupangia kazi na mapumziko mafupi bila kudaunilodi chochote. Yale marefu utayaweka mwenyewe kama alamu, tunakuja huko. Simu unaipeleka chumba kingine. Usiigeuze kifudifudi tu hapo pembeni, nimejaribu, mkono unaijua njia.

Sasa hii ya kengele kulia pale umechanganya. Kanuni yenyewe inasema kengele ikilia unaacha, basi, hakuna mjadala, na mi zamani nilikuwa naiona kanuni ya kijeshi kweli. Nilikuja kuielewa kwa njia hiyo hiyo unayopita wewe, unaizima kengele ya kwanza kwa sababu umenoga, ya pili huisikii, unafika saa sita hujanyanyuka, na kuanzia saa nane mchana unasoma sentensi moja mara nne haingii. Unajiona umechoka bila sababu wakati mapumziko manne umeyakalia asubuhi.

Ila kwa mtafsiri kukatika katikati ya sentensi ni hasara kweli, unakuwa umeshika mkia wa sentensi ndefu ya Kiingereza kichwani, ukiuachia inabidi ukaukimbize tena. Kwa hiyo fanya hivi, kengele ikilia maliza hiyo sentensi uliyonayo mkononi, moja, sio aya. Halafu kwenye karatasi pembeni andika maneno mawili matatu ya sentensi inayofuata kwa Kiswahili ulichokuwa unakifikiria, hata kama ni ovyo, mfano "mkopaji atawajibika ku—", hivo hivo iache. Nyanyuka. Ukirudi hauanzi kutafuta ulikuwa wapi, sentensi imekusubiri mlango wazi. Mi naona hii ya kuacha kitu nusu inavuta kurudi kuliko kuacha umemaliza ukurasa, ukimaliza ukurasa unarudi unakuta ukuta.

Na kama baada ya wiki mbili bado kila raundi inakukata, ongeza urefu, nenda 50 kwa 10. Hakuna polisi. Ila usianze na 50 kwa sababu sa hivi tatizo lako sio raundi fupi, ni kurudi, na ukiwa na mapumziko ya dakika kumi ambayo hujui kurudi utakuwa umeongeza shimo.

Haya, mapumziko marefu. Kwenye utaratibu wenyewe ni baada ya raundi nne unapumzika dakika 15 mpaka 30. Watu wengi wanaachia apu iwahesabie, apu haijui una adhuhuri, haijui mtoto anarudi saa 6:30, haijui Tanga mchana kuna joto gani. Matokeo yake mapumziko marefu yanakuja saa ambayo huyahitaji na saa unayoyahitaji apu inakwambia bado raundi mbili. Kwa hiyo usianze na apu, anza na vitu vya siku yako ambavyo havisogei, afu raundi ndo uzipachike katikati yake.

Chukua siku yako kama ulivoniandikia. Tuseme saa 2:30 asubuhi nyumba imetulia. Raundi ya kwanza 2:30 mpaka 2:55, ya pili 3:00 mpaka 3:25, ya tatu 3:30 mpaka 3:55, ya nne 4:00 mpaka 4:25. Hizo ni nne na mapumziko mafupi matatu kati yake, jumla saa moja na dakika 55. Ikifika 4:25 ndo pumziko refu la kwanza, na hili nakupa mpaka saa 5:00, dakika 35, zimezidi tano ila una nyumba. Hapa sasa simu chukua, wasapu zako zote hapa, dada wa Muheza mjibu hapa, chai na kipande cha mkate hapa. Unaona sijakunyima simu, nimeihamishia kwenye pumziko lenye nafasi ya kuibeba.

Saa 5:00 unaanza tena, 5:25, mapumziko, 5:30 mpaka 5:55, mapumziko, 6:00 mpaka 6:25. Ni tatu tu. Unasimama hapo hapo, ya nne usiiguse, kwa sababu adhuhuri imeshaingia au inaingia na mtoto anafika mlangoni dakika tano baadaye. Ukilazimisha ya nne utaifanya ukiwa na sikio moja getini, na raundi ya sikio moja haina faida, nusu utaifuta kesho. Nne sio amri ya mbinguni, kama nyumba yako inakatika kwa tatu basi ni tatu.

Kuanzia hapo mpaka saa 8:00 ni swala, chakula, mtoto, na kulala. Kuhusu kulala, unaamka mzito kwa sababu unalala muda mbaya, sio kwa sababu kulala mchana ni kubaya. Ukilala dakika 10 mpaka 20 unakuwa bado kwenye usingizi mwepesi unaamka safi, ukizidisha ukafika nusu saa, dakika arobaini, unakuwa umezama kwenye usingizi mzito na kukutoa humo ni kama kukutoa kisimani, unazunguka nyumbani nusu saa nyingine hujijui. Kwa hiyo weka alamu ya dakika 25, tano za kupatwa na usingizi na 20 za kulala. Usipopata usingizi lala tu macho yamefumba, ikilia nyanyuka ukanawe uso. Na ulale kwenye kochi au mkekani sebuleni, kitandani kwenye chandarua na feni tusidanganyane.

Mchana raundi tatu nyingine, saa 8:00 mpaka 9:25 kwa mtindo ule ule, afu alasiri na kazi imeisha. Hesabu, nne na tatu na tatu, raundi kumi. Kumi mara dakika 25 ni saa nne na dakika kumi za kazi halisi. Najua utasema mbona kidogo. Sio kidogo. Watafsiri wengi wanahesabu maneno 2,000 mpaka 2,500 kwa siku kama kazi ya siku nzima, ukipata maneno 220 kila raundi kwa raundi kumi umeshafika 2,200. Anayekwambia anafanya raundi kumi na sita kwa siku ama hana mtoto ama anahesabu na za kupika.

Alamu za siku sasa, weka nne tu zinazojirudia kila siku ya kazi, kwenye saa ya kawaida ya simu sio kwenye apu ya pomodoro, maana alamu ya saa ya simu inapita hata simu ikiwa imesinzia. Ziandike majina. Ya 4:25 iite "toka", ya 4:55 iite "maliza wasapu", ya 6:25 iite "adhuhuri na mtoto", ya 7:55 iite "rudi". Angalia zile mbili za kurudi nimeziweka dakika tano kabla, sio saa 5:00 kamili wala 8:00 kamili, kwa sababu mtu hatoki kwenye mazungumzo ya simu kwa sekunde moja, anahitaji kuaga. Na mlio wa kurudi uwe tofauti na wa kutoka, mi wangu wa kurudi ni ule mlio mbaya kuliko yote niliokuta kwenye simu, majirani wanaujua. Simu yenyewe iache chumba cha pili sauti juu, kuizima lazima utembee, na ukishatembea umeshanyanyuka.

Kitu kingine hukuniuliza ila najua kipo, hodi. Umekaa raundi ya pili, jirani anagonga anataka kuazima kinu. Ukimfungulia ukakaa naye, raundi hiyo imekufa, kanuni yao ni kwamba raundi haina nusu, ikikatika kweli unaifuta unaanza upya, na mi nakubaliana nao maana ukianza kuhesabu nusu nusu jioni hujui ulichofanya. Lakini hodi nyingi hazihitaji kuua raundi. "Karibu shoga, nipe dakika kumi namalizia kitu nakuletea mwenyewe," na kweli umpelekee kwenye mapumziko, safari ya nyumba ya jirani na kinu ni dakika tano kamili na ina mwisho, ilimradi usikae. Mama mkwe ni habari nyingine. Mama mkwe akigonga raundi ife tu.

Na kuna hodi za ndani, zile za kichwani, sijui luku imebaki uniti ngapi, sijui ada ya mtoto, sijui niangalie mara moja kama mteja kajibu barua pepe. Cirillo alikuwa anaweka alama ndogo kwenye karatasi kila inapokuja hamu kama hiyo, anaandika hilo jambo pembeni afu anaendelea. Fanya hivo. Chora mstari mdogo, andika "luku", endelea. Wiki ya kwanza usijaribu kurekebisha chochote hapo, hesabu tu. Kila raundi iliyokamilika weka X, kila hodi ya ndani mstari. Ijumaa angalia karatasi zako tano, utakuta mistari imejazana sehemu moja, labda raundi ya tatu asubuhi, labda ile ya kwanza baada ya kulala. Kama ni ya tatu, ujue dakika 25 za tatu mfululizo ni nyingi kwako saa hizo, basi pumziko refu lilete baada ya mbili. Kama ni ya kwanza baada ya kulala, tazama ile alamu, unalala zaidi ya unavodhani. Na raundi mbili za kwanza za asubuhi uzipe ile nyaraka ngumu, mikataba na mambo ya dawa, usizitumie kujibu barua pepe, barua pepe zikusubiri raundi ya mwisho mchana ukiwa umeshachakaa.

Umeme ukikatika usihesabu, siku hiyo imejipangia yenyewe.

Maharage sasa. Hayakuungua kwa sababu ya pomodoro, yaliungua kwa sababu uliyaanzisha kwenye pumziko refu halafu ukalala, hakuna wa kuyaangalia mpaka ulipoamka na harufu. Yaloweke usiku. Asubuhi kabla ya 2:30 yabandike kwenye mkaa maji ya kutosha moto wa wastani, halafu kila kengele ya dakika tano ikilia kazi yako ya kwanza ni kwenda kufunua sufuria, kuongeza maji ya moto kama yamepungua, kufunika, kurudi. Saa 2:55, saa 3:25, saa 3:55. Ikifika 4:25 yako tayari au yamebakiza kidogo, na kitunguu na nazi utaviunga kwenye pumziko refu huku chai inachemka. Ukiona saa 3:25 maji yameshuka chini ya maharage ujue moto ni mkali, toa makaa mawili.